Kufua ovaroli ya kuchomelea na reflekta

Fundi anayechomelea kingo za chuma kando ya barabara huhitaji kinga mbili: cheche zisiwashe nguo yake, na madereva wamwone. Kwa hivyo huvaa ovaroli ya pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto na, juu yake, reflekta ya poliesta. Nyumbani, zote huishia kwenye beseni moja.

Pamba ya kawaida hushika moto na kuendelea kuwaka. Ile iliyotiwa dawa, ambayo mara nyingi huwa na fosforasi, hugeuka mkaa pale cheche ilipoangukia na moto hauendelei. Dawa hii haitoki kwa kufuliwa vizuri. Adui yake mkubwa ni klorini, yaani ile dawa ya kutoa madoa ambayo wengi huiita jiki. Huharibu dawa ndani ya uzi, na ovaroli ikikauka huonekana safi kama mpya. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani kwa macho hakuna dalili yoyote.

Hatari ya pili ni sabuni ya kipande katika maji magumu, kama yalivyo maji ya visima vingi. Chumvichumvi za maji hayo hushikana na sabuni na kuwa utando mweupe ambao hausuuziki. Utando huo hubaki kwenye kitambaa, nao huwaka. Kupima ni rahisi: tia maji ya kisima kwenye chupa safi, ongeza vipande vidogo vya sabuni, kisha tikisa. Povu likiwa haba na maji yakiwa kama maziwa, tumia sabuni ya unga isiyo na dawa ya kung'arisha, au maji ya mvua. Dawa ya kulainisha nguo pia huacha utando unaowaka. Grisi isiyotoka ni sababu ya kutosha ya kuiacha ovaroli hiyo.

Reflekta ni suala jingine. Poliesta ya kawaida huyeyuka kwenye joto la nyuzi 260 hivi na kuganda kwenye ngozi. Hakuna ufuaji unaobadilisha hilo. Wakati wa kuchomelea, fundi aivue akiwa nyuma ya kizuizi cha magari, au apewe reflekta ya kitambaa kinachozuia moto.

Kufua hupunguza mwonekano wake. Mikanda huakisi taa kwa vishanga vidogo mno vya kioo, na brashi huving'oa. Ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, ianikwe kivulini, na mikanda isipigwe pasi. Lebo nyingi hutaja idadi ya juu ya kufuliwa. Ikiandikwa 25 na hufuliwa kila wiki, imekwisha kabla ya miezi sita. Alama ya kalamu ndani ya kola kila inapofuliwa husaidia kuhesabu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kutoa mavazi ya kinga na pia kuyatunza.