Zawadi ya Kumpelekea Mwenyeji wako Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou hupenda kumbebea mwenye kiwanda kitu cha nyumbani. Ukipita kwenye maduka ya vinyago utaona vitu vinavyovutia macho haraka: sime ya Kimasai yenye ala nyekundu, makubazi ya ngozi, saa ya ukutani iliyochongwa kwa umbo la Afrika. Vyote vitatu ni vizuri, lakini kwa Mchina mtu mzima vyote vitatu vina walakini.

Saa ndiyo nzito kuliko zote. Kwa Kichina, kumpa mtu saa ya ukutani au ya mezani kunatamkwa sawasawa na kumsindikiza mtu katika dakika zake za mwisho na kumzika. Mwenyeji hahitaji kuwa mshirikina ili asikie hivyo. Maneno yenyewe yanamgonga sikioni. Januari 2015, Susan Kramer, waziri katika wizara ya uchukuzi ya Uingereza, alimpa meya wa Taipei, Ko Wen-je, saa ya mfukoni. Meya akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda akaiuza kama chuma chakavu, na mama huyo akalazimika kuomba radhi. Saa ya mkononi ina jina lingine, kwa hiyo wengi hawaijali, ila kwa mzee ningeiacha pia.

Viatu navyo vina shida ya matamshi. Kwa Kichina cha taifa, neno lake linafanana na la uovu. Kwa Kikantoni, kinachozungumzwa Guangzhou, linafanana na sauti ya mtu anayeshusha pumzi kwa huzuni. Isitoshe, viatu ni vya kuondokea, kana kwamba unamwambia mtu aende zake. Vijana hununuliana raba bila wasiwasi, lakini makubazi usimpe mtu ambaye uhusiano wenu ndiyo kwanza unaanza, hasa karibu na mwaka mpya wao. Leso ya mkononi iache kabisa: inahusishwa na kufuta machozi msibani na kuagana moja kwa moja.

Kisu hukata, na kinachoogopwa kukatwa hapa ni urafiki. Hata hivyo kina dawa, na dawa hiyo inajulikana pia Ulaya: anayepokea anamlipa mtoaji sarafu moja. Hapo kisu kimenunuliwa, hakikutolewa. Tuseme umeshanunua sime, umeifunga kwenye begi la kupakiwa (kwenye mzigo wa mkononi haitapita), na umeifikisha. Ikabidhi ikiwa ndani ya ala, mpini ukimwelekea yeye, na umwambie mkalimani mapema aeleze kwamba unaomba yuani 1 kwa ajili yake. Mwenyeji atacheka kwa furaha, maana ameona umejali. Mara nyingine ni yeye atakayetangulia kukunyooshea sarafu. Ipokee! Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanairudisha wakisema hii ni zawadi, silipwi, na wanamwachia mwenzao kisu alichokuwa anajaribu kukiponya. Pamoja na hayo, China ina sheria kali kuhusu majambia, kwa hiyo mimi ningeiacha sime dukani.

Badala yake beba kahawa ya Kilimanjaro, korosho za Mtwara, au khanga. Sasa hesabu. Vitu viende kwa namba shufwa, isipokuwa 4, kwa sababu namba hiyo inasikika kama kifo. Khanga inakusaidia, kwani doti ina vipande viwili tayari. Lakini doti mbili ni vipande vinne, na huyo mwenyeji atavihesabu kimoyomoyo. Toa doti moja, au tatu zifike vipande sita. Epuka zenye mji mweupe au mweusi. Nyekundu na ya dhahabu zinapendeza. Karatasi ya kufungia iwe nyekundu vilevile, isiwe nyeupe, ambayo ni rangi ya msiba.

Unapokabidhi, tumia mikono miwili. Akikataa mara moja au mbili, usirudishe kwenye mfuko. Huo ni ustaarabu wake, nawe endelea kumsihi kwa upole. Akiiweka pembeni bila kuifungua, usidhani ameidharau, kwani wengi hufungua mgeni akishaondoka.

Je, ikiwa saa umeshaitoa, na umeona tabasamu limekauka na mkalimani amekodoa macho mezani? Usianze kueleza kwamba kwetu haina maana mbaya. Sema mara moja kwamba hukujua, mwombe akulipe yuani 1 ili iwe ameinunua, na uishike hiyo sarafu kwa mikono miwili. Asipotaka hata hivyo, ichukue saa yako bila kununa, na siku ya pili umpelekee kahawa.