SOMO LA AFYA: Chanjo Iliyoganda Haifai

Somo hili hufundishwa wanafunzi wauguzi. Leo tulisome nasi, kwa kuwa watoto wanaochanjwa ni wetu.

Chanjo ya watoto wa Mkoa wa Tanga hutoka bohari kuu ya Dar es Salaam. Hupitia Segera na Muheza mpaka bohari ya mkoa. Kutoka hapo huenda wilayani, kisha katika zahanati. Chanjo nyingi hukaa njia nzima katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mpango huu wauguzi huuita mnyororo baridi.

Watu wengi wa pwani huogopa joto tu. Joto kweli huharibu chanjo. Lakini joto lina alama yake. Kwenye kichupa kuna duara la rangi, na ndani yake mraba mweupe. Kichupa kikipata joto, mraba huzidi kuwa mweusi. Ukifanana na duara, au ukiwa mweusi kuliko duara, kichupa hutupwa. Alama hiyo husema habari za joto tu. Chanjo ikiganda kwa barafu, mraba hubaki mweupe kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo pana hatari.

Tuseme muuguzi wa zahanati moja ya Pangani anakwenda kuchanja kijiji cha mbali. Huduma hiyo huitwa kliniki ya mkoba. Jua ni kali. Anatoa vipande vya barafu kwenye friji, anavitia mara moja katika kasha la chanjo, na kupanga vichupa kando yake. Anadhani barafu nyingi ndiyo usalama. Lakini barafu iliyotoka friji sasa hivi ni baridi mno. Kichupa kilichoigusa huweza kuganda kabla ya kufika kijijini.

Afanyeje? Aviache vipande vile mezani kwanza, mpaka vitoke jasho. Akivitikisa asikie maji yakicheza ndani. Hapo avifute, ndipo avitie katika kasha. Kazi hii haina haraka, na ndiyo maana muuguzi mzuri huamka mapema siku ya mkoba.

Chanjo ya surua na rubella haidhuriwi na kuganda. Matone ya polio pia. Inayodhurika ni Penta, ile sindano ya pajani inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na magonjwa mengine. Chanjo ya pepopunda ya mama wajawazito nayo hudhurika.

Kwa nini? Penta ni maji meupe yenye chembe ndogo sana, nayo dawa imeshikana na chembe hizo. Ikiganda, chembe hugandamana zikawa mabonge. Mama mpishi anajua tui la nazi likikatika. Hata ukilikoroga halirudi kuwa tui. Na Penta ni hivyo hivyo. Ikiyeyuka, mtu akiitazama upesi huiona nzuri.

Muuguzi akiwa na shaka hufanya jaribio la kutikisa. Huchukua kichupa kingine cha chanjo ile ile, cha kiwanda kile kile na namba ile ile ya toleo. Hukiandika "kimegandishwa" na kukigandisha kabisa makusudi. Kisha hukiacha kiyeyuke chenyewe, bila kukipasha moto. Huvishika vyote viwili kwa mkono mmoja, huvitikisa kwa nguvu, na kuviweka mezani penye mwanga. Halafu hutazama kwa muda usiozidi nusu saa. Katika kichupa kilichogandishwa, machicha huzama chini upesi, na juu hubaki maji maangavu. Ikiwa kichupa cha shaka kinazama polepole kuliko hicho, kinafaa. Kikizama sawa nacho au upesi zaidi, hakifai. Hutupwa, na kile cha jaribio hutupwa pia, kisije kikachanganywa na vizima.

Sasa tazama hasara yake. Mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Machi hupata Penta ya kwanza akiwa na wiki 6, yaani tarehe 16 Aprili. Ya pili ni wiki ya 10, tarehe 14 Mei. Ya tatu ni wiki ya 14, tarehe 11 Juni. Akichomwa iliyoganda siku zote tatu, kadi yake itajaa tarehe, na mama atarudi nyumbani ametulia. Kifaduro kikiingia kijijini, mtoto huyo huenda hana kinga ya kutosha kutokana na sindano hizo. Kadi haiwezi kuonyesha kosa hilo.

Kwa hiyo, mama, muuguzi akikuambia, "Dada, Penta ya leo nina shaka nayo, njoo kesho kutwa," usimkasirikie. Kuchelewa siku mbili hakumrudishi mtoto mwanzo. Sindano alizokwisha pata zikiwa nzima huhesabiwa, naye huendelea pale alipofika. Ila muulize siku gani hasa urudi, naye aiandike kwenye kadi.