Kunyoosha mstari wa ECG bila kupinda ST

Swali (msomaji, Voi): Kichujio cha 0.5 Hz kimenyoosha mstari wa ECG, lakini sehemu ya ST imeshuka. Kwa nini?

Jibu: Pumzi 15 kwa dakika huyumbisha mstari kwa 0.25 Hz, jasho chini ya elektrodi, la kawaida kwenye joto la Voi, huuyumbisha polepole zaidi. Kichujio cha kawaida huondoa hayo, ila husogeza mawimbi ya polepole kutoka mahali pake, na ST hupinda kama ya moyo uliokosa damu. Rekodi iliyohifadhiwa ichujwe kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kwa `sosfiltfilt`: msogeo wa pili hufuta wa kwanza. Hapo kikomo kinaweza kufika 0.67 Hz, bila hivyo, 0.05 Hz. Moyo ukipiga 40 kwa dakika, kikomo kishushwe, kwani mapigo yenyewe yako 0.67 Hz.