Ndugu Aliyekamatwa na Nyavu: Namna ya Kuihoji Sauti ya Kunakiliwa Kando ya Ziwa Mweru

Sauti ya kunakiliwa ni sauti inayotengenezwa na programu ya kompyuta baada ya kusikilizishwa kipande cha maneno ya mtu halisi, ikajifunza anavyotamka, anavyopandisha na kushusha, na anavyovuta pumzi kati ya neno na neno. Januari 2023 watafiti wa kampuni ya Microsoft walieleza programu waliyoiita VALL-E, iliyohitaji sekunde 3 tu za sauti ya mtu ili kuiiga, na ujumbe wa sauti wa kawaida katika kundi la familia la WhatsApp huwa mrefu kuliko hapo mara nyingi. Hivyo kumtambua ndugu kwa sauti, jambo ambalo wakazi wa Nchelenge na Kashikishi walilitegemea sawa na watu wa kwingine kote, hakuthibitishi tena kwamba anayezungumza ndiye mwenyewe.

Wapo wanaojipa moyo kwamba mashine haijui Kibemba, wala Kiswahili cha Katanga kinachozungumzwa na Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Programu inayosoma maandishi kwa sauti hutegemea lugha iliyofundishwa, na lugha zenye rekodi chache huisumbua; lakini ipo njia ya pili, ya kugeuza sauti, ambamo tapeli huzungumza mwenyewe na mashine hubadilisha tu rangi ya sauti yake ifanane na ya mtu mwingine. Katika njia hiyo lugha, lafudhi na mzaha ni vya tapeli, na tapeli anaweza kuwa mzaliwa wa Luapula. Namba nayo haitoshi. Aprili 2024 maofisa wa Zambia walivamia kampuni moja jijini Lusaka, wakakamata watu 77 pamoja na vifaa vya kupitishia simu na zaidi ya laini 13,000. Vifaa vya namna hiyo huwezesha simu iliyopigwa kutoka mbali ionekane kwenye kioo kana kwamba imetoka nchini.

Uzito wa jambo hili kando ya Mweru unaonekana vizuri kwa mfano wa kubuni unaofuata desturi za hapo. Tuseme ni Januari, wakati uvuvi umefungwa, kwa kuwa kila mwaka marufuku huanza tarehe 1 Desemba na kwisha mwishoni mwa Februari. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wa Kashikishi anapigiwa kwa namba ngeni, na anasikia sauti ya mtoto wa kaka yake aliyeko Chiengi ikilia: amekamatwa na nyavu, simu yake imetumbukia majini, anatumia ya askari mwema, na anahitaji kwacha 2,500 za dhamana kabla ya jioni, tena baba asiambiwe. Kila kipande kinaaminika, maana simu huanguka ziwani kweli, wavuvi hukamatwa kweli, na kijana kumwogopa baba si ajabu. Uwezekano huo ndio nyenzo ya tapeli, na sauti iliyonakiliwa huongezwa juu yake ili hofu ifike kabla ya fikra.

Hatua ya kwanza ya shangazi huyo ni kutotaja jina. Matapeli wengi huanza na "Shangazi, ni mimi, hunitambui?" wakingoja mhanga ajibu "Ni wewe Mwansa?", na tangu hapo jina wanalo. Ya pili ni kuipima hadithi yenyewe kabla ya sauti: nchini Zambia dhamana ya polisi ni bure, na faini ya mahakama hulipwa kwa risiti, wala si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ya tatu ni kukata simu na kupiga namba ya zamani iliyohifadhiwa, kwa simu ya kawaida na si kwa WhatsApp. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu akaunti ya WhatsApp inaweza kutekwa na mtu aliyempora mwenyewe tarakimu 6 za kujisajili, na hapo kupiga kwa WhatsApp ni kumpigia mwizi, jina na picha ya ndugu vikiwa palepale.

Ugumu ni pale namba ya zamani isipopatikana, jambo la kawaida kwa mtu aliyeko kisiwani Kilwa au Chisenga au aliyevuka kwenda Pweto. Kutopatikana hakuithibitishi hadithi. Kunampa tapeli nafasi tu. Shangazi ampigie mtu wa pili aliye karibu na kijana, kama vile mwenye nyumba, mwenzake wa mtumbwi au mchungaji wa kanisa lake, na ombi la siri kuhusu baba alichukulie kuwa sababu ya kumpigia baba haraka zaidi.

Maswali ya uthibitisho huja kabla ya kukata simu, wakati mpigaji angali hewani, na thamani ya swali haimo katika ugumu wake, bali katika kama jibu limewahi kupita kwenye simu. Jina la mama, kijiji cha asili, shule, hata tarehe ya msiba wa babu vimejaa katika Facebook na makundi ya familia, na simu iliyoibwa humpa mwizi mazungumzo ya miaka. Swali zuri huuliza jambo lililotokea ana kwa ana na lisilo na picha: "Ulipokuja mara ya mwisho, ulilala chumba gani, na nani alikufungulia mlango?" Liwe swali wazi, lisilobeba nusu ya jibu; "Unakumbuka nilikupa lile blanketi?" hujibiwa "ndiyo" na yeyote.

Lenye nguvu kuliko yote ni swali la mtego, yaani lile linalosimama juu ya jambo ambalo halipo: "Mguu wa mjomba wako wa Kitwe umepona?" hali mjomba huyo hayupo. Ndugu wa kweli, hata akiwa katika dhiki, atashangaa na kuuliza mjomba yupi. Tapeli, kwa kuogopa kuonekana mgeni, atasema anaendelea vizuri. Akikwepa kwa hasira, akisema hakuna muda wa maswali, hilo si jibu, na pesa isubiri. Familia nyingine huweka neno la siri, kama shirika la FBI la Marekani lilivyoshauri Desemba 2024. Lakini likiandikwa katika kundi la WhatsApp linakuwa limekwisha kazi, hivyo lipangwe nyumbani kwa mdomo.

Simu ya video haiondoi shaka. Mwaka 2024 ilifahamika kuwa mfanyakazi wa kampuni ya Arup mjini Hong Kong alituma takriban dola za Hong Kong milioni 200 baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa aliowaona walikuwa wa kutengenezwa. Kumwomba mpigaji ageuze uso pembeni au apitishe mkono mbele ya mdomo huvuruga baadhi ya sura bandia, ila si zote, na kando ya ziwa picha huganda hata kwa mtu halali, kwa hiyo kipimo hicho kiongezwe kwenye maswali, kisichukue nafasi yake.

Mtu anayeamua kutuma asome jina linalotokea kwenye kioo kabla ya kuingiza namba ya siri, kwa kuwa laini husajiliwa kwa jina, na la "askari mwema" linaweza kuulizwa kituoni. Pesa ikishaondoka, tapeli huitoa kwa wakala ndani ya dakika chache, kwa hiyo simu ya kwanza iende kwa huduma ya wateja ya mtandao wa pesa kuomba salio la mpokeaji lizuiwe, ya pili polisi, na ujumbe wenye namba ya muamala usifutwe.