Ukuta Unaotembea: Kuondoa Mistari ya Taa Kwenye Video ya Ukumbini

Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyeliona tatizo kwanza. Nilikuwa nimempelekea kipande cha dakika mbili akikague, akanipigia: "Mwanangu, mbona ukuta unatembea?" Nilipokiangalia upya kwenye skrini kubwa nikaona alichokiona. Mistari mipana ya kivuli, miwili hivi, ilikuwa ikipita kwenye pazia jeupe nyuma ya maharusi, na nyuso zilikuwa zikififia na kung'aa. Saa nne za video, zote hivyo.

Kamera ilikuwa ya mtumba kutoka nje na sikuwa nimebadilisha mpangilio wake: fremu 30 kwa sekunde, shata 1/60. Hiyo ni hesabu ya nchi zenye umeme wa hezi 60. Wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa inayoufuata umeme huo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa sababu kila wimbi lina vilele viwili. Balbu ya zamani ya waya haikuwa na shida kubwa, waya ulibaki na joto kati ya kilele na kilele. Taa ya LED ya bei nafuu haina cha kuubakiza mwanga, hivyo inafifia kwelikweli. Shata ya 1/60 hukusanya pigo moja na theluthi mbili za mwanga, na theluthi hizo huangukia mahali tofauti kila fremu. Tena sensa nyingi husoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo badala ya picha nzima kufifia kwa pamoja, inafifia kwa vipande. Ndiyo ile mistari.

Hapa naeleza nilivyoiondoa.

Hatua ya kwanza: usiiguse klipu

Fanya kazi kwenye faili lilivyotoka kamerani. Ukilitupia kwenye taimulaini ya fremu 25, programu itaanza kuruka baadhi ya fremu, na mpangilio wa mistari, ambao ndio tunaoutegemea, utavurugika. Vivyo hivyo kutuliza mtikisiko: picha inasogezwa, na mistari inasogezwa nayo. Usipunguze kasi, usirekebishe rangi. Mistari iondoke kwanza.

Hatua ya pili: hesabu fremu

Tafuta sehemu ambayo kamera imetulia na kuna kitu cheupe kikubwa. Kwangu ilikuwa lile pazia. Ongeza kontrasti kwa muda ili mistari ionekane vizuri, kisha sogea fremu moja moja kwa kitufe cha mshale. Weka kidole kwenye skrini pale ukingo wa mstari ulipo, uhesabu ni fremu ngapi zinapita mpaka ukingo urudi chini ya kidole.

Kwenye video yangu ulirudi kila fremu ya tatu. Hesabu inakubali: mapigo 100 ukiyagawa kwa fremu 30 unapata matatu na theluthi, na theluthi tatu zinakamilisha pigo zima. Ukiwa umerekodi kwa fremu 60, jibu pia ni tatu. Kwa fremu 24 au 120 ni sita. Lakini kwa fremu 25 au 50, mapigo yanagawanyika kamili, na mstari hauondoki mahali pake, au unapanda polepole sana kama ukungu. Huo una tiba yake, nitaufikia.

Usiridhike na kuhesabu mara moja. Saa tatu usiku umeme ulikatika ukumbini, jenereta ikawashwa, na tangu hapo mistari ilirudi karibu palepale kila baada ya fremu mbili. Jenereta isiyobeba mzigo mkubwa mara nyingi huzunguka kwa kasi inayozidi kidogo ile hezi 50, na tofauti ndogo tu inatosha kubadilisha hesabu. Tuseme ni hezi 52: mapigo 104 kwa fremu 30 ni matatu na karibu nusu, na nusu mbili zinatengeneza moja. Kwa hiyo nikaikata video vipande viwili, kabla na baada ya jenereta. Video ya simu nayo hesabu sehemu kadhaa, maana simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilikabadilika.

Hatua ya tatu: jaribu kwa wastani

Ikiwa mistari inajirudia kila fremu tatu, basi kila sehemu ya picha, ndani ya fremu hizo tatu, imepata mwanga mwingi, wa kati na mchache. Ukizichanganya sawasawa, mistari inajifuta. Kwenye programu yoyote ya kuhariri weka klipu ileile kwenye tabaka tatu, ya kati ikichelewa fremu moja na ya juu fremu mbili. Ya chini iache Opacity 100, ya kati 50, ya juu 33. Wengi huweka 33 zote tatu, na hapo ndipo wanapokosea: tabaka la juu linafunika yaliyo chini yake, hivyo la kati linatakiwa kuchukua nusu ya kilichobaki.

Kwa ffmpeg ni mstari mmoja:

```
ffmpeg -i ukumbi.mp4 -vf "tmix=frames=3" -crf 16 -c:a copy jaribio.mp4
```

Kipande cha jenereta kiliwekewa `frames=2`. Pazia likatulia kabisa, nami nikajua hesabu ni sahihi. Kama mistari ingebaki, hata hafifu, ningerudi kuhesabu.

Kwa picha tulivu, kama keki, meza kuu au mzee anayetoa nasaha akiwa amesimama, unaweza kuishia hapo. Kwa watu wanaocheza haifai. Mkono unaorushwa unakuwa mikono mitatu.

Hatua ya nne: chukua mwanga, acha mwendo

Tunachokitaka kwenye ule wastani ni kiasi cha mwanga kwenye kila mstari wa picha tu. Mikono na nyuso tunazitaka kutoka kwenye picha halisi. Kwa hiyo unaitia ukungu picha ya wastani, unaitia ukungu picha halisi, unatafuta tofauti yao, na tofauti hiyo ndiyo unayoiongeza kwenye picha halisi. Ukungu uwe mpana sana kwa upande na mwembamba kwa wima, kwa kuwa mistari imelala.

```
ffmpeg -i ukumbi.mp4 -filter_complex "split=3[a][b][c];
[b]tmix=frames=3,gblur=sigma=300:sigmaV=10[m];
[c]gblur=sigma=300:sigmaV=10[n];
[m][n]blend=all_mode=grainextract[d];
[a][d]blend=all_mode=grainmerge[v]" \
-map "[v]" -map 0:a -crf 16 -c:a copy safi.mp4
```

Amri ya `grainextract` inatoa tofauti, `grainmerge` inairudisha. Ukirekodi kwa simu iliyosimamishwa wima, mistari nayo husimama, basi badilishana namba: `sigma=10:sigmaV=300`. Na kama nusu moja ya ukumbi ina taa nzuri na nusu nyingine mbovu, 300 itaeneza marekebisho mpaka pasipohitajika. Ishushe hadi 100 uone. Kazi hii ni nzito kwa kompyuta. Jaribu kipande cha sekunde kumi kwanza, kisha acha faili zima liende usiku.

Kuna kichujio cha ffmpeg kinachoitwa `deflicker`, na wengi hukikimbilia kwa jina lake. Chenyewe hupima mwanga wa fremu nzima kwa pamoja na kuulainisha kati ya fremu na fremu. Kama picha yote inafifia kwa mpigo mmoja, kitakusaidia. Kwa mistari hakioni kitu, kwa sababu fremu yenye mstari juu na fremu yenye mstari chini zina wastani uleule.

Hatua ya tano: tafuta palipoharibika

Tazama video yote, hasa sehemu hizi. Flashi za wapiga picha: flashi moja inaangaza fremu moja, lakini wastani unaigawa, na fremu mbili zinazofuata zinang'aa bila sababu. Hapo nilirudisha fremu tatu za asili. Mstari wa mara moja katikati ya flashi hakuna atakayeuona. Kamera inapoinuliwa au kushushwa haraka, safu za picha hazilingani tena na wastani, na marekebisho yanaacha vivuli. Pale pia afadhali ya asili. Na shela jeupe lililozidiwa na mwanga: panapokuwa peupe kabisa hakuna taarifa iliyobaki ya kurekebisha, kwa hiyo ukingo wa mstari unaweza kubaki ukionekana kwenye kitambaa. Niliupunguza kidogo kwenye rangi, nikaacha.

Mstari usiotembea

Umerekodi kwa fremu 25 na shata 1/200, mstari umekaa palepale. Wastani hauna la kufanya, fremu zote zina kosa lilelile. Hapa unaingia kwenye kurekebisha rangi, unachora barakoa laini yenye umbo la ule mstari, unainua mwanga ndani yake mpaka pazia liwe sawa juu na chini. Mara nyingi na rangi imebadilika kidogo, isogeze pia. Kwa kuwa umeme wenyewe hauko kamili kwenye hezi 50, mstari utapanda au kushuka taratibu, basi barakoa uisogeze kila baada ya sekunde chache. Ni kazi ya mkono, na kwa saa nne haiwezekani. Okoa picha muhimu: kula kiapo, pete, keki.

Skrini kubwa jukwaani

Ukuta wa LED nyuma ya jukwaa ni habari nyingine. Huo hauufuati umeme wa ukutani, una kasi yake ya kujichora upya, mara nyingi 1920 au 3840 kwa sekunde, na mistari yake huwa myembamba na mingi. Usihangaike kuilainisha, ukifanya hivyo utaharibu na watu walio mbele. Kama kamera imetulia, omba faili la picha au video iliyokuwa ikioneshwa, kata eneo la skrini kwa barakoa, uliweke humo upya, na ulitie ukungu kidogo lifanane na umbali wake. Waliopita mbele ya skrini utawakata fremu kwa fremu.

Wiki iliyofuata nilikuwa na harusi nyingine, ukumbi uleule. Niliweka shata 1/50 kwa fremu 25, ambayo hukusanya mapigo mawili kamili, nikarekodi pazia kwa sekunde kumi kabla wageni hawajaingia na kulitazama. Jenereta ilipowashwa nikarekodi tena.