Dondoo muhimu: Mazoezi ya nguvu baada ya zamu ya saa 12

Uzito wa miguu anaouhisi muuguzi baada ya zamu hutokana kwa sehemu kubwa na kusimama mahali pamoja, kwani vigimbi, yaani misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti, visipojikunja havisukumi damu ipasavyo kurudi moyoni. Kwa hiyo mazoezi mazito ya miguu huwekwa siku ya mapumziko, na siku ya zamu hubaki kwa mazoezi ya mikono, kifua na mgongo, yakifanywa kwa kukaa au kulala.

Ratiba isiporuhusu mpangilio huo, muuguzi hulala chali kwa dakika 10, miguu ikiwa imeinuliwa ukutani, kisha raundi ya kwanza ya mazoezi ya miguu huwa kipimo: aliyezoea kuchuchumaa na kuinuka mara 8 akibeba kilo 30, akimaliza huku akihisi hawezi kuongeza hata mara 2, hushuka hadi kilo 25 na kuishia raundi 2 badala ya 3. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, mazoezi husitishwa na daktari huonwa siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda mshipani.