Vumbi la Mgodini na Hewa ya Chumba cha Tiba: Somo Kuhusu Kifua Kikuu

Katika machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, wilayani Simanjiro, mchimbaji huteremka shimoni na kuchoronga mwamba ukiwa mkavu. Vumbi linalotoka hapo lina silika, madini yanayofanana na chembe za kioo. Chembe zinazoonekana kwa macho hunaswa puani na kutemwa. Zenye madhara ni zile ndogo zisizoonekana, ambazo hufika hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu.

Humo mna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Seli hizo humeza silika, lakini haziwezi kuiyeyusha, nazo hufa. Seli hizohizo ndizo zinazozuia vimelea vya kifua kikuu. Kwa hiyo mchimbaji aliyevuta vumbi kwa miaka mingi hupata makovu ya mapafu yaitwayo silikosisi, na papo hapo hupoteza walinzi wake dhidi ya kifua kikuu. Silikosisi haina tiba ya kuiondoa, na hatari hiyo haiishi siku anayoacha kazi ya mgodi, kwa kuwa silika hubaki mapafuni.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo, wala barakoa nyepesi ya hospitali haizizuii ipasavyo. Kinachosaidia zaidi ni kulizuia vumbi lisipae: kumwaga maji mahali tundu linapochorongwa, na kusubiri hewa isafishwe baada ya baruti kulipuka kabla ya watu kurudi shimoni. Barakoa ya N95 hufuata baada ya hayo, nayo hufanya kazi iwapo tu imebana uso pande zote. Ndevu nene huacha upenyo, na hewa chafu hupita hapo.

Na tuchukue mfano wa mchimbaji wa miaka 34 anayefika zahanati akiwa na kikohozi cha wiki tatu, jasho jingi usiku na nguo zinazompwaya. Anaingia katika chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 60 za hewa. Akikohoa, vimelea hutoka katika vitone vidogo mno, ambavyo hukauka na kuelea kwa saa kadhaa. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi, hewa ya chumba inaweza kubadilika mara 2 tu kwa saa. Baada ya mgonjwa huyo kutoka, itachukua takriban saa 2 na dakika 18 kuondoa asilimia 99 ya vimelea vilivyobaki hewani. Madirisha ya pande mbili zinazokabiliana yakifunguliwa na hewa ikabadilika mara 12 kwa saa, muda huo hushuka hadi dakika 23 hivi.

Mhudumu anaweza kutambua mwelekeo wa hewa kwa kuwasha kijiti cha ubani karibu na dirisha na kutazama moshi unakoelekea. Kiti chake kiwe upande hewa inakoingilia, na cha mgonjwa kiwe upande inakotokea. Meza ya mhudumu ikiwa imepangwa kinyume, kuisogeza hakugharimu chochote. Mgonjwa anayekohoa huvishwa barakoa ya kawaida ili kuzuia vitone visitoke, ilhali mhudumu huvaa N95 ili asivivute. Pakiwa na kivuli nje, ni bora asubiri barazani na atolee makohozi huko.

Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo huweza kutoa jibu katika muda wa saa 2 hivi tangu sampuli kuingizwa, na kuonyesha pia iwapo vimelea vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Hapa panahitajika uangalifu, kwani makovu ya silikosisi hufanana na kifua kikuu katika picha ya eksirei. Mchimbaji aweza kupewa dawa za kifua kikuu tena na tena kwa sababu ya picha pekee, huku vumbi likiendelea kumharibu. Kwa hiyo amweleze mhudumu, hata asipoulizwa, amefanya kazi mgodini miaka mingapi na kazi gani hasa.

Kifua kikuu kikithibitishwa na kisiwe sugu, matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, bila malipo. Watu anaoishi nao huitwa kupimwa, na watoto walio chini ya miaka 5 wasioonekana kuugua hupewa dawa ya kinga.